Mabao 15 ya straika, pointi ngapi za timu?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, picha ni ile ile. Straika anashika jezi mpya, anasimama katikati ya viongozi, mwandishi anamuuliza malengo yake ya msimu. “Nataka mabao 15,” anajibu. Mwingine anasema 20. Sisi tunaondoka na kichwa cha habari, mashabiki wanaiweka namba hiyo kichwani ili waje kumkumbusha mwezi wa pili, na wakati mwingine namba hiyo hiyo inaingia kwenye mkataba: akiifikisha, ana bonasi yake.

Watu wanaona hapo hakuna ubaya. Straika kazi yake kufunga, sasa kumpa namba ya mabao kuna kosa gani? Naomba leo tulitazame jambo hili taratibu, maana namba ya aina hiyo kweli inaongeza kazi ya mtu, hilo lina ushahidi wa miaka mingi. Lakini ushahidi huo huo unaonyesha mahali ambapo namba ya mtu mmoja inaigeuka timu, na mpira wa miguu uko palepale.

Tuanze na upande mzuri. Mmarekani Edwin Locke, mtaalamu wa saikolojia ya kazi, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu anayepewa lengo mahususi na gumu hufanya kazi vizuri kuliko yule anayeambiwa tu “jitahidi uwezavyo”. Mwenzake, Gary Latham, alikuwa akiyaona mambo hayo hayo kwa watu wa misitu, wakata magogo na madereva wa malori. Wawili hao baadaye wakaunganisha kazi zao, na mwaka 1990 wakatoa kitabu kizima cha nadharia ya malengo.

Kisa kinachoeleweka haraka kuliko vyote ni cha malori ya Oklahoma, ambacho Latham alikichapisha mwaka 1975 akiwa na mwenzake. Malori yalikuwa yanasomba magogo kutoka msituni kwenda kiwandani, na sheria iliweka kikomo cha uzito. Tatizo likawa madereva wanaondoka na mzigo wa karibu asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa. Magogo hayalingani ukubwa, kukadiria uzito kwa macho ni kazi, na hakuna anayetaka kukamatwa amezidisha. Walikuwa wameambiwa wajitahidi. Na kwa akili yao, walikuwa wanajitahidi.

Wakapewa namba: asilimia 94. Hawakuongezewa senti, na waliahidiwa kwamba asiyefikisha hataadhibiwa. Mwezi wa kwanza mzigo ulipanda hadi karibu asilimia 80. Mwezi wa pili ukashuka hadi 70. Madereva walikuwa wanawapima mabosi: je, ile ahadi ya kutoadhibu mtu ni ya kweli? Walipoona ni ya kweli, mwezi wa tatu wakavuka asilimia 90, na mzigo ukabaki huko huko. Ndani ya miezi tisa kampuni ilikuwa imeokoa dola 250,000.

Kwa nini namba peke yake ifanye hivyo? Locke na Latham wanasema lengo gumu na la wazi linafanya mambo manne. Linaelekeza macho ya mtu kwenye kitu kimoja. Linamfanya aongeze nguvu. Linamfanya asikate tamaa mapema. Na linamlazimisha atafute mbinu. Wale madereva walifika mahali wakapendekeza marekebisho madogo kwenye malori yao ili wakadirie uzito vizuri zaidi. “Jitahidi” haifanyi hayo, kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha kujitahidi, na kipimo hicho kwa kawaida ni pale alipofika tayari.

Wanatoa masharti pia. Mtu awe na uwezo wa kazi yenyewe. Alikubali lengo kwa moyo wake. Na awe anapata majibu ya amefikia wapi, kama dereva anayeuona uzito wa mzigo wake kila akipima. Timu iliyopanda daraja msimu huu ikitangaziwa na mwenyekiti kwamba lengo ni ubingwa, hapo sharti la kwanza limeshavunjika, na la pili litavunjika kufikia mzunguko wa tano.

Sasa turudi kwa straika. Kuna kitu kimoja kwenye kisa cha malori ambacho ni rahisi kukipita: lori la dereva huyu halitegemei lori la yule. Wewe ukijaza asilimia 94, hujanipunguzia mimi gogo hata moja. Kila mtu ana mzigo wake, na mzigo wa kampuni ni jumla ya mizigo ya watu. Hesabu ya mmoja na hesabu ya wote zinakwenda njia moja.

Mpira hauko hivyo. Ndani ya kumi na nane mpira ni mmoja. Nikiupiga mimi, hujaupiga wewe.

Watafiti Terence Mitchell na William Silver walilijaribu jambo hilo mwaka 1990, tena kwa kazi ya kitoto kabisa: watu watatu watatu wanajenga mnara wa vitofali. Ni kazi ya kutegemeana, mnara ni mmoja. Vikundi vingine havikupewa lengo mahususi. Vingine vikapewa lengo la kikundi. Vingine, kila mtu akapewa lengo lake binafsi. Na vingine vikapewa vyote viwili, la mtu na la kikundi.

Walioanguka ni wale waliopewa lengo la mtu binafsi peke yake. Walifanya vibaya kuliko wengine wote, hata kuliko wale wasio na lengo lolote. Sababu haikuwa uvivu. Walikuwa wanashindana badala ya kusaidiana; kila mmoja anatazama vitofali vyake, na mnara unalipia. Waliopewa vyote viwili hawakuharibikiwa, na hilo tulikumbuke, tutalirudia.

Ukitazama vizuri, kilichowaangusha ndicho kilichowainua madereva. Lengo linaelekeza macho kwenye kitu kimoja. Kwa dereva, kitu hicho ndiyo kazi yote. Kwa mjenga mnara, kitu hicho ni kipande cha kazi, na kinachobaki nje ya macho yake ndicho kilichoshikilia mnara.

Tulete uwanjani kwa mfano wa kutunga, lakini wenye hesabu za ligi yetu. Ligi Kuu Bara ina mechi 30. Timu yetu imecheza 22, ina pointi 24, iko nafasi ya 13, sehemu ambayo mtu analala akiota mechi za mtoano wa kushuka daraja. Straika wetu ana mabao 11. Mkataba unasema akifikisha 15 anapata bonasi ya Sh10 milioni. Zimebaki mechi nane, anahitaji mabao manne. Yaani bao moja kila mechi mbili. Gumu, linawezekana, liko wazi, ameshalikubali kwa saini yake. Kwa kitabu cha Locke na Latham, hili ni lengo zuri kabisa.

Dakika ya 70, matokeo ni 1-1. Straika anaingia kumi na nane upande wa kulia, amebanwa karibu na mstari wa mwisho, kipa amefunga kona ya karibu. Nguzo ya mbali winga yuko peke yake, hatua tano tu kutoka golini. Apige au atoe?

Tukadirie. Shuti kutoka pembe ile tuseme linaingia mara moja katika kumi. Pasi kwa winga, ukiondoa zile zitakazokatwa na beki na zile winga atakazopaisha, tuseme inazaa bao mara nne katika kumi. Kwa timu hakuna mjadala, toa pasi. Lakini kwa hesabu ya bonasi, shuti lina nafasi moja katika kumi na pasi ina sifuri. Pasi nzuri kuliko zote duniani haimsogezi kutoka 11 kwenda 12.

Hali hiyo ikimtokea mara moja kila mechi kwa mechi nane, akipiga mwenyewe timu itarajie bao moja au pungufu. Akitoa, itarajie mabao matatu. Tofauti ni mabao mawili. Kwa timu ya nafasi ya 13, bao moja likigeuza sare kuwa ushindi ni pointi mbili. Mabao mawili yakiangukia mechi mbili tofauti ni pointi nne. Msimu ukiisha, straika ana mabao 12 na kinyongo cha kukosa bonasi, na timu inatafuta zile pointi nne.

Na jamaa hajafanya hujuma. Hajauza mechi, mazoezini anafika wa kwanza, anakimbia hadi mwisho. Amefanya kile tulichomlipa afanye. Mashabiki watamwita mchoyo, lakini uchoyo huo ulipigwa chapa kwenye karatasi, ukasainiwa na viongozi wa klabu.

Najua jibu litakalokuja. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza mfungaji bora kwa mabao 21, Feisal Salum wa Azam akifuata na 19, na Yanga ilikuwa bingwa. Sasa namba ya mtu imeidhuru wapi timu? Ni hoja ya haki. Lakini timu inayotengeneza nafasi nyingi kila mechi inaweza kumudu shuti moja la tamaa. Na ubingwa ukishapatikana, wachezaji wote wanaweza kumtafuta mtu mmoja kwa pasi na hakuna pointi inayopotea. Hata mbio za msimu wa nyuma yake, pale Fiston Mayele wa Yanga na Saidi Ntibazonkiza wa Simba walipogawana kiatu kwa mabao 17 kila mmoja, zilinogesha ligi bila kumtia mtu hofu ya kushuka daraja. Anayeumia ni yule wa chini, anayeishi kwa nafasi mbili tatu za wazi kwa mechi nzima.

Benchi la ufundi litajuaje kwamba namba imeanza kula timu? Usisubiri msimamo wa ligi, utachelewa. Kaa na video za mechi nne na uhesabu kitu kimoja: mara ngapi straika alipiga wakati mwenzake yuko huru kwenye nafasi bora. Linganisha na mechi nne za mwanzo wa msimu. Tazama pasi zake za mwisho, kama zimekauka ilhali anagusa mpira kama zamani. Tazama anasimama wapi timu ikipoteza mpira. Aliyekuwa anashuka kukaba akianza kubaki juu peke yake, anatunza miguu kwa ajili ya hesabu yake.

Halafu tazama penalti. Aprili 2024 Chelsea ilikuwa inaichapa Everton, Cole Palmer ameshafunga matatu, ikatoka penalti. Mpigaji alijulikana, ni Palmer. Lakini Nicolas Jackson na Noni Madueke waliugombania mpira mbele ya kamera, wakasukumana, mpaka ukatolewa mikononi mwao. Palmer akafunga na mechi ikaisha 6-0, ila kocha wao wakati huo, Mauricio Pochettino, alikasirika waziwazi. Sijui kilichokuwa vichwani mwa vijana wale na sitabahatisha. Ninachosema ni kwamba wachezaji wenzako wakigombea penalti timu ikiwa inaongoza kwa mabao mengi, kila mtu ana hesabu anayoitunza, na kocha anatakiwa kuifahamu kabla ya siku ambayo matokeo ni 0-0.

Kuna mtego wa pili, huu unawahusu makocha wapya. Namba ngumu ya matokeo inamdhuru mtu ambaye bado anajifunza kazi. Mwaka 1989 Ruth Kanfer na Phillip Ackerman waliwafanyia majaribio wanafunzi wa jeshi la anga la Marekani, kwa mchezo wa kuigiza kazi ya kuongoza ndege. Kazi ina sheria nyingi na inachosha kichwa. Waliopewa lengo gumu mwanzoni kabisa, hawajaijua kazi, walivurugika: akili iliyotakiwa kujifunza ilikuwa inahesabu. Lengo lilipokuja baadaye, kazi ikiwa imeshaingia mikononi, halikuwa na madhara hayo.

Sasa mfikirie beki wa kati ambaye maisha yake yote amefundishwa kubutua. Anakuja kocha anayetaka mpira uanzie kwa kipa, na wiki ya kwanza anatoa amri: tusipoteze zaidi ya mipira mitano nyuma. Unajua kitakachotokea. Dakika ya 20 mipira mitatu imeshapotea, beki anaanza kubutua tena ili namba isizidi, na mfumo unafia hapo. Namba imetimia, somo halijafika. Latham mwenyewe alikuja kuonyesha kwamba kazi ikiwa mpya na ngumu, lengo linalofaa ni la kujifunza. Badala ya “msipoteze mipira mitano”, kocha aseme: mwezi huu tunatafuta njia tatu za kutoka na mpira tukibanwa na washambuliaji wawili, na kila beki aweze kunionyesha zote tatu. Hilo nalo ni mahususi, ni gumu na linapimika. Lakini kukosea ndani yake ni sehemu ya kazi. Namba ya mipira iliyopotea ije mzunguko wa pili.

Kwa hiyo tufute malengo? Hapana. Tukifuta tunarudi kwa madereva wa asilimia 60, kila mtu anajitahidi na mzigo haupandi. Ninachotaka ni namba zikae mahali pake.

Namba kubwa iwe ya timu. Ile timu yetu ya pointi 24 katika mechi 22 inapata pointi moja na kidogo kwa mechi. Ipewe pointi 12 kwa mechi nane zilizobaki, yaani moja na nusu kwa mechi. Ni ngumu kuliko walivyozoea, haivuki uwezo wao. Igawanywe mara mbili, pointi sita kila mechi nne, ili majibu yaje mapema na si siku ya mwisho. Ibandikwe kwenye chumba cha kubadilishia nguo na bonasi kubwa iwe hapo. Tunao mfano wa karibu: mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi kununua mabao ya Simba na Yanga kwenye michuano ya CAF kwa Sh5 milioni kila moja, kilichohesabiwa ni bao la timu. Bei haikubadilika kwa sababu ya jina la aliyefunga.

Namba ya mtu ibaki, ila isisimame peke yake. Kumbuka wale wajenzi waliopewa lengo la mtu pamoja na la kikundi hawakuharibikiwa. Na ihesabu kile ambacho timu inakihitaji kutoka kwake. Kama ni lazima straika alipwe kwa namba, basi bao alilofunga na bao alilotoa pasi ya mwisho vilipwe sawa. Rudi kwenye ile dakika ya 70 uone: shuti bado lina nafasi moja katika kumi, lakini sasa pasi ina nne katika kumi kwa hesabu yake mwenyewe. Hahitaji kuwa malaika ili atoe pasi, anahitaji kujua kuhesabu tu.

Na ile ahadi ya Oklahoma isisahaulike, kwamba asiyefikisha hataadhibiwa. Mwezi wa pili mzigo uliposhuka hadi asilimia 70, mabosi walinyamaza, na huo ndio uliowapa asilimia 90. Klabu zetu timu ikitoa sare mbili mfululizo kocha anawekwa kikaangoni, na wachezaji wanajifunza kwamba namba ya uongozi ni fimbo. Mchezaji aliyejifunza hivyo akiulizwa lengo lake msimu ujao atataja namba ndogo anayojua ataifikia, au atataja kubwa ya kuwafurahisha waandishi bila kuiamini.

Dirisha lijalo meneja wa mchezaji atakuja na rasimu yake, na kipengele cha mabao 15 kitakuwemo, kwa sababu kimekuwemo siku zote. Katibu wa klabu akikifikia kipengele hicho, asiweke saini kwanza. Amuite kocha amuulize: huyu akiwa pembeni ya goli, winga yuko peke yake, mkataba huu unamwambia afanye nini?